"Tunaweza Kukusanya": Uhakiki wa Lugha ya Matangazo ya Vidakuzi na Matamko ya Faragha katika Tovuti Ndogo za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya matangazo ya vidakuzi na matamko ya faragha katika tovuti ndogo za Kiswahili zinazokusanya anwani za baruapepe na takwimu za wasomaji. Mjadala wa matini hizi umezoea kuishia kwenye istilahi. Makala yanadai kuwa kasoro kubwa zaidi iko katika vitenzi, kwa sababu ndimo anamofichwa mtenda, ndimo kinamogeuzwa kitendo kinachofanyika kila siku kuwa uwezekano tu, na ndimo ukimya wa msomaji unamoitwa ridhaa. Tovuti moja ya mfano inachambuliwa kwa kulinganisha yale inayoyasema na yale inayoyafanya, kisha tamko lake linaandikwa upya.

1. Utangulizi

Msomaji anayefungua tovuti ya Kiswahili hukutana, kabla ya kusoma chochote, na ukanda wa maneno chini ya skrini: "Tunatumia vidakuzi ili kuboresha matumizi yako. Kwa kuendelea kutumia tovuti hii, unakubali matumizi ya vidakuzi." Pembeni kuna kitufe kilichoandikwa "Sawa". Mbele kidogo kuna kiungo cha "Sera ya Faragha", ambacho wachache hukifungua, na anayekifungua hukuta kurasa kadhaa zilizojaa "wahusika wengine", "madhumuni halali" na "hatua stahiki za kiusalama".

Ukanda huu una asili inayojulikana. Umoja wa Ulaya ulitoa Agizo la mwaka 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki, ukalirekebisha mwaka 2009 ili kutaka ridhaa ya mtumiaji kabla ya taarifa kuhifadhiwa katika kifaa chake, isipokuwa pale ambapo uhifadhi huo ni wa lazima kwa huduma aliyoiomba. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua katika shauri la Planet49 kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya kukubali si ridhaa, na kwamba mtumiaji lazima aelezwe kidakuzi kitadumu kwa muda gani na kama watu wengine wanaweza kukifikia. Tovuti za Afrika Mashariki ziliupokea ukanda huo pamoja na programu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, na sehemu kubwa ya Kiswahili chake ni tafsiri ya matini zilizoandikwa kwa sheria ya kwingine.

Eneo hili nalo sasa lina sheria zake. Kenya na Uganda zilipata sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizi zinahusu taarifa za mtu kwa jumla, wala hazikuandikwa kwa kulenga vidakuzi. Hata hivyo sheria ya Kenya inataja kitambulishi cha mtandaoni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na kifungu chake cha 29 kinamtaka anayekusanya data amweleze mhusika, kabla ya kukusanya, kwamba data yake inakusanywa, kwa kusudi gani, na nani mwingine atakayeipata. Neno la kuzingatia hapa ni "amweleze". Sheria haikuridhika na kuwapo kwa ukurasa. Imedai tendo la lugha lenye msemaji na msikilizaji.

2. Tovuti ya mfano na matendo yake

Mfano unaotumika hapa umetungwa, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Mwalimu mmoja wa Kiswahili jijini Kampala anaendesha tovuti ya mapitio ya vitabu. Kila Ijumaa huwatumia waliojiandikisha barua fupi. Wasomaji wake wako Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Ameweka Google Analytics ili ajue ni mapitio yapi yanasomwa, na fomu ndogo ya kuandika anwani ya baruapepe. Tamko lake la faragha alilichukua kutoka kiolezo cha Kiingereza, akalitafsiri kwa jioni moja.

Kabla ya kuhakiki maneno yake, inafaa kuorodhesha matendo ya tovuti yenyewe, kazi ambayo haihitaji mhandisi. Mtu hufungua dirisha la faragha la kivinjari katika kompyuta, huingia katika tovuti, hubonyeza F12 na kutazama orodha ya vidakuzi kabla hajabonyeza kitufe chochote cha ukanda. Katika tovuti ya mwalimu orodha hiyo tayari ina mstari kama huu:

```
_ga=GA1.1.1032456789.1700000000
```

Namba mbili za mwisho kwa pamoja ndizo utambulisho. Ya kwanza ni ya kubahatisha. Ya pili ni wakati ambapo kivinjari kilifika katika tovuti hiyo kwa mara ya kwanza, ukihesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970; namba iliyo hapo juu ni tarehe 15 Novemba 2023, saa 7:13 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kila ukurasa unapofunguliwa, programu huisoma namba hiyo na kuipeleka kwenye kompyuta za Google pamoja na anwani ya ukurasa unaosomwa. Hivyo mwalimu hajui jina la msomaji, lakini Google inapokea ushahidi kwamba kivinjari kilekile kilichosoma mapitio fulani usiku ule kimerudi tena leo.

Jambo la pili ni anwani za baruapepe. Fomu haizihifadhi katika tovuti; huzipeleka moja kwa moja kwa kampuni ya kutuma barua iliyo nje ya Afrika. Jambo la tatu halimo kabisa katika tamko la mwalimu, naye mwenyewe hakulijua: kila barua ya Ijumaa ina picha ya ukubwa wa nukta moja isiyoonekana, yenye anwani ya pekee kwa kila mpokeaji. Barua ikifunguliwa na picha ikapakuliwa, kampuni huandika kwamba fulani ameifungua, saa fulani. Takwimu hii yenyewe si ya kuaminika sana, kwa kuwa tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha hizo kabla mpokeaji hajafungua chochote. Ila udhaifu wa takwimu haumwondolei mwalimu wajibu wa kusema kwamba inakusanywa.

3. Vitenzi vinavyokwepa

Sasa lisomwe tamko. Sentensi yake ya kwanza ni: "Tunaweza kukusanya taarifa fulani kukuhusu unapotembelea tovuti yetu." Kitenzi kisaidizi cha Kiingereza kilichotafsiriwa hapa huonyesha uwezekano: huenda likatokea, huenda lisitokee. Kitenzi "kuweza" katika Kiswahili hubeba kwanza maana ya uwezo, na pia ya ruhusa. Msomaji anayeijua lugha hii vizuri anaweza kuelewa kwamba tovuti ina uwezo wa kukusanya, au ina haki ya kukusanya. Maana ya tatu, kwamba huenda ikakusanya, ndiyo iliyokusudiwa, nayo si kweli: uchunguzi wa hapo juu umeonyesha kwamba inakusanya katika kila ziara. Miongozo ya mamlaka za ulinzi wa data za Ulaya ya mwaka 2018 kuhusu uwazi iliwataka waandishi wa matamko waepuke maneno ya namna hii katika lugha zao. Kiswahili kina sababu zaidi ya kuyaepuka, kwa kuwa kina umbo lililo tayari kwa kazi hiyo. Kiambishi "hu-" cha mazoea kinasema hasa kinachohitajika kusemwa: tovuti hii hukusanya. Hakiachi mlango wa kutokea.

Sentensi ya pili ina kosa lililoenea mno hata limeanza kuonekana sahihi: "Tunaweza kushiriki maelezo yako na wahusika wengine." Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: mtu hushiriki mkutano, hushiriki chakula, hushiriki dhambi. Maelezo ya msomaji hayana shughuli ambayo tovuti ingeweza kuwa na sehemu yake. Hata likirekebishwa kuwa "kushirikisha", kitenzi kinabaki na ladha ya ukarimu na ujima, kana kwamba kuna karamu. Kitenzi cha kweli ni "kupa", na katika Kiswahili kitenzi hiki hakiruhusu uvivu, maana hudai kiambishi cha anayepewa. Mwandishi anayeandika "tunawapa" analazimika kujibu swali la "akina nani?" kabla hajaweka nukta. Anayeandika "kushiriki na wahusika wengine" halazimiki kujibu lolote. Yafaa kutajwa pia kwamba katika tovuti ya fasihi neno "mhusika" lina kazi nyingine kabisa, na msomaji wa mapitio ya riwaya ana haki ya kutatizika anapoambiwa kwamba anwani yake imepewa wahusika.

Sentensi ya tatu: "Taarifa hizi hutumika kuboresha huduma." Hapa kauli ya kutendeka imefanya kazi yake ya kawaida ya kumfuta mtenda. Lugha ya Kiswahili ingeweza kumbakiza kwa urahisi kwa "hutumiwa na", lakini hakuna aliyedai hivyo. Nalo kusudi lililotajwa, "kuboresha huduma", halina mipaka: hakuna jambo linaloweza kufanywa na data ambalo mtu hawezi kuliita uboreshaji. Mwalimu akiulizwa ana kwa ana anazitumia takwimu kwa jambo gani, jibu lake huwa jepesi na la heshima: anataka kujua aandike zaidi kuhusu riwaya au kuhusu ushairi. Kwa nini jibu hilo halikuingia katika tamko? Kwa sababu kiolezo hakikuwa na nafasi yake, na kwa sababu lilionekana dogo mno kwa sauti kubwa ya "sisi".

"Sisi" hiyo nayo inastahili neno. Tovuti ni ya mtu mmoja. Kusema "tunathamini faragha yako" kwa niaba ya mtu mmoja aliyeketi sebuleni kwake ni kuvaa koti la kampuni, na athari yake si ya mtindo pekee. Msomaji anayetaka anwani yake ifutwe hajui amwandikie nani, kwa kuwa tamko zima halina mtu.

4. "Sawa" si ridhaa

Tangazo la vidakuzi lenyewe ni fupi kuliko tamko, na ndani ya ufupi huo limebeba dai zito: kwamba msomaji amekubali. Sheria ya Kenya inafafanua ridhaa kuwa ishara ya wazi, huru, mahususi na yenye ufahamu, inayotolewa kwa kauli au kwa tendo bayana la kukubali. Maneno "kwa kuendelea kutumia tovuti hii, unakubali" yanageuza kutotenda kuwa tendo. Tovuti ya mwalimu imekwenda mbali zaidi. Kidakuzi kilikwisha kuandikwa kabla ya tangazo kusomwa, kwa hiyo hata mtu anayefunga ukurasa papo hapo kwa hasira amekwisha kuhesabiwa. Wakati uliopo wa "unakubali" unaelezea jambo ambalo, kwa mpangilio wa matukio, halijatokea na wala halisubiriwi.

Neno la kitufe linaleta tatizo jingine, ambalo mtafsiri kwa mashine hawezi kuliona. Katika mazungumzo ya Kiswahili "sawa" ni kiitikio. Humwambia msemaji kwamba amesikika, na mara nyingi hutumiwa kumaliza maongezi na mtu ambaye msikilizaji hakubaliani naye hata kidogo. Mzazi akimwambia kijana asichelewe, kijana hujibu "sawa", na wote wawili wanajua kwamba hakuna mkataba uliotiwa saini. "Nimeelewa", inayoonekana katika tovuti nyingine, ni kukiri kuelewa, na kuelewa si kuridhia. Kitufe kinachotafuta ridhaa hakina budi kuwa na kitenzi cha kuridhia, pamoja na kutaja kinachoridhiwa: "Nakubali kuhesabiwa". Pembeni yake lazima kiwepo kitufe cha ukubwa uleule chenye "Sikubali". Matangazo mengi huficha kukataa nyuma ya kitufe kinachoitwa "Dhibiti mapendeleo", neno linalomfanya msomaji adhani ataulizwa kuhusu rangi ya maandishi.

Kuna pia uchaguzi kati ya "idhini" na "ridhaa", ambao matini hizi huufanya bila kufikiri. Idhini kwa matumizi ya kawaida hutolewa na mwenye mamlaka kwa aliye chini yake: mwajiri humpa mfanyakazi idhini ya kusafiri. Ridhaa ni ya moyo wa mtu mwenyewe, na ndiyo inayotajwa katika ndoa na katika mahakama pale inapoulizwa kama mtu alilazimishwa. Kwa upande mmoja "idhini" ingemfaa msomaji, kwa kuwa ingemweka juu ya tovuti, naye akawa mwenye mlango. Lakini sheria inachopima ni hiari, na kwa kipimo hicho "ridhaa" ndilo neno imara zaidi. Linalosikitisha ni kuyakuta yote mawili katika aya moja, pamoja na "makubaliano", kana kwamba yamewekwa kwa ajili ya kubadilisha ladha.

5. Neno "kidakuzi" na muda wake

Kuhusu istilahi yenyewe ya "kidakuzi", ambayo kampuni kubwa za programu zimeisambaza, mara nyingi imelaumiwa kwamba haieleweki. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Umbo la neno linamkumbusha msomaji "mdaku", "udaku" na magazeti ya udaku, yaani habari za watu zinazopelekwa mahali pengine bila wao kuulizwa. Kwa kidakuzi cha takwimu picha hiyo inakaribia ukweli kuliko jina la biskuti lililozoeleka katika Kiingereza, ambalo halisemi lolote kwa yeyote. Kasoro yake ni kwamba inavipaka udaku hata vidakuzi visivyo na hatia, kama kile kinachokumbuka tu kwamba msomaji amekwisha kubonyeza "Sikubali". Bila kidakuzi hicho ukanda ungerudi katika kila ukurasa. Tamko linalosema "tunatumia vidakuzi" bila kutenganisha aina hizi mbili limemficha msomaji tofauti moja ambayo alihitaji kuijua.

Tofauti nyingine ambayo matamko hupenda kuitaja, kati ya "vidakuzi vyetu" na "vidakuzi vya watu wengine", inapotosha katika mfano huu. Kidakuzi cha `_ga` kimeandikwa chini ya jina la tovuti ya mwalimu, kwa hiyo kwa lugha ya kiufundi ni chake. Lakini kilichokiandika ni programu ya Google, na namba iliyomo hupelekwa Google. Msomaji anayesoma "tunatumia vidakuzi vyetu pekee" ataamini kwamba habari zake hazitoki Kampala. Sentensi hiyo ni sahihi kwa fundi na ni uongo kwa msomaji, na tamko la faragha huandikwa kwa ajili ya huyo wa pili.

Muda nao huandikwa vibaya. Tamko la mwalimu linasema kidakuzi "hudumu kwa miaka 2". Hiyo ndiyo miaka ambayo programu huomba. Kivinjari cha Chrome, tangu mwaka 2022, hakiruhusu kidakuzi kudumu zaidi ya siku 400, na Safari huvikatia siku 7 vidakuzi vinavyoandikwa kwa namna hii. Kwa upande mwingine, msomaji anaporudi muda huanza kuhesabiwa upya, kwa hiyo anayesoma kila Ijumaa kwa Chrome anaweza kubeba namba ileile kwa miaka mingi. Neno "hudumu" linaahidi mwisho. Sentensi ya kweli ingehitaji vipashio viwili tu, "hadi" na "kila unaporudi", navyo ndivyo vilivyokosekana.

6. "Wewe" ni nani?

Matamko haya yote humwita msomaji "wewe", na kifungu cha sheria humwazia mtu mmoja mwenye kifaa chake. Namba ya kidakuzi haimjui mtu, inakijua kivinjari. Ulaya, ambako matangazo haya yalitungwa, pengo hilo ni dogo kwa sababu wengi wana simu zao binafsi. Katika nyumba ambamo simu moja hupita mikononi mwa mama, binti na shangazi, au katika duka la intaneti ambamo kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku, aliyebonyeza "Nakubali" asubuhi amewakubalia wote watakaomfuata. Hawatauona ukanda kabisa, kwa kuwa kidakuzi cha kukumbuka jibu kimekwisha kuandikwa.

Kwa mapitio ya riwaya madhara yanaweza kuonekana madogo. Tovuti inayoandika kuhusu uzazi, ugonjwa au ndoa yenye ugomvi ingekuwa jambo jingine, na ukanda wake ungekuwa na maneno yaleyale. Hapa lugha inaweza kusaidia kwa hatua moja: kuacha "wewe" na kusema "kivinjari hiki". Msomaji anayeambiwa kwamba namba itaandikwa "katika kivinjari hiki" anapewa nafasi ya kukumbuka kwamba simu si yake peke yake. Hatua ya pili ni kuweka chini ya kila ukurasa kiungo cha "Badili jibu", ili anayekuja baadaye asifungwe na jibu la mwingine. Sheria ya Kenya inamruhusu mhusika kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Ruhusa hiyo haina maana kwa mtu asiyejua kwamba ridhaa ilikwisha kutolewa.

7. Tamko lililoandikwa upya

Kwa kufuata matendo yaliyoorodheshwa, tamko la mwalimu lingeweza kusomeka hivi:

"Tovuti hii ni yangu, jina langu na anwani yangu viko mwisho wa ukurasa huu. Ukiniandikia anwani yako ya baruapepe ili upate barua ya kila Ijumaa, huhifadhiwa na kampuni ninayoitumia kutuma barua, ambayo iko nje ya Afrika na ambayo nimeitaja hapa chini. Mbali na kampuni hiyo, simpi mtu mwingine. Barua ina picha ndogo isiyoonekana inayoiambia kampuni hiyo kwamba umeifungua. Kila barua ina kiungo cha kujitoa. Ukikibonyeza, nitaifuta anwani yako ndani ya siku 30.

Ukibonyeza 'Nakubali kuhesabiwa', programu ya Google Analytics itaandika namba katika kivinjari hiki na kuipelekea kampuni ya Google kila ukurasa wa tovuti hii unapofunguliwa. Namba hukaa hadi miaka 2, na muda huo huanza upya kila kivinjari hiki kinaporudi hapa. Vivinjari vingine huifuta mapema zaidi. Mimi sioni jina lako. Huona ni kurasa zipi zimesomwa, ili nijue niandike zaidi kuhusu nini. Ukibonyeza 'Sikubali', namba haitaandikwa, na utasoma kila kitu kama kawaida."

Matini hii ni fupi kuliko ile ya awali, lakini iligharimu zaidi kuiandika. Sentensi ya "simpi mtu mwingine" katika rasimu ya kwanza ilisimama peke yake, ikawa uongo, kwa kuwa kampuni ya barua tayari ni mtu mwingine. Kosa hilo lilionekana tu kwa sababu kitenzi kilikuwa "kupa", "kushiriki" kingelificha. Sentensi ya picha isiyoonekana ilimfanya mwalimu wa mfano wetu achague kati ya mawili: kuiandika, au kuizima picha katika mipangilio ya huduma ya barua, jambo ambalo huduma nyingi huliruhusu. Akiizima, sentensi inafutwa, na tamko linakuwa fupi zaidi. Na sentensi ya mwisho haiwezi kuandikwa kwa uaminifu kabla ya programu ya takwimu kupangwa isianze mpaka kitufe kibonyezwe. Anayetaka kuithibitisha arudie jaribio la dirisha la faragha: abonyeze "Sikubali", afungue kurasa mbili tatu, atazame orodha. `_ga` ikiwamo, kosa si la lugha tena.

Mapungufu ya matini hii yapo. Haiorodheshi haki zote za mhusika, haitaji mamlaka ya kulalamikia, na haisemi ni sheria ya nchi ipi inayomlinda msomaji aliye Kigali anaposoma tovuti ya Kampala. Mambo hayo yanahitaji aya ya tatu, ambayo mwalimu hawezi kuiandika peke yake. Mamlaka za ulinzi wa data za nchi hizi zingeweza kuitoa kwa Kiswahili kimoja, kwa kushauriana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, hasa kwa kuwa "data ya kibinafsi" ya Nairobi na "taarifa binafsi" ya Dodoma zinakutana katika ukurasa mmoja. Kazi hiyo isifanywe kwa kutoa kiolezo kingine cha kunakiliwa. Iwe fomu yenye nafasi zisizojazika bila kuichunguza tovuti: kidakuzi kinaitwaje, nani anakiandika, kinaandikwa kabla au baada ya kubonyeza, namba inapelekwa kwa nani.

Nafasi moja zaidi inahitajika katika fomu hiyo. Matamko mengi huishia na tarehe ya "kusasishwa mara ya mwisho", yaani tarehe ambayo maneno yaliguswa. Toleo la zamani la Google Analytics lilikuwa likiandika pia kidakuzi cha `_gid` kilichodumu saa 24. Lilikoma kupokea data za tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023, na toleo lililofuata halikiandiki. Tamko ambalo bado linakitaja linaweza kuwa na tarehe ya mwezi uliopita na bado likawa linaelezea tovuti ya miaka kadhaa nyuma. Tarehe inayomfaa msomaji ni ile ambayo mwenye tovuti alifungua dirisha la faragha, akabonyeza F12 na kutazama.